Niliwaita, Tukapangana

Dada mmoja aliingia chumba cha usaili akiwa na miaka sita ya ukarani wa ghala. Nafasi iliyotangazwa ilikuwa ya msimamizi wa zamu, na katika barua yake alikuwa ameandika kwamba ni mchapakazi, ana uwezo wa kuongoza na anashirikiana vizuri na wenzake. Tulipomwomba atusimulie siku moja aliyowaongoza watu, aliinamisha kichwa akasema, "Mimi sijawahi kupewa cheo." Tukamshukuru, akatoka.

Wiki mbili baadaye nilikuwa mlangoni mwa ghala lile lile, na gari lilikuwa limekwama kwa sababu mzigo haukulingana na hati. Wapakiaji hawakumwita msimamizi. Walimwita yeye. Dereva wa foklifti alizima mashine akamsubiri, na karani wa zamu iliyokuwa ikiingia akamletea kitabu. Nilisimama pale nikijua kwamba tulikosea, na kwamba barua yake ilitusaidia kukosea.

Nimekaa upande wa wasaili kwa miaka mingi, na hilo ni kosa nililoliona mara nyingi kuliko yote. Watu wanaopanga kazi za wenzao kila siku bila cheo huomba usimamizi kwa barua isiyosema neno juu ya jambo hilo. Wengine hulisema kwa namna ambayo msaili hawezi kuliamini. Nafasi ya usimamizi wa ngazi ya kwanza ndiyo mahali ambapo uongozi wa namna hii una thamani kubwa, kwa kuwa wengi wa waombaji hawajawahi kuwa na cheo chochote. Mwenye kusaili analijua hilo. Anachotafuta ni dalili kwamba watu walikuwa wakikufuata hata kabla hawajalazimika.

Mwaka 1959 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John French na Bertram Raven, walieleza kwamba mtu humfanya mwenzake atende jambo kwa nguvu za aina tano. Ya kwanza ni cheo chenyewe. Ya pili ni uwezo wa kutoa zawadi, na ya tatu ni uwezo wa kuadhibu. Ya nne ni ujuzi, yaani watu wanakufuata kwa sababu unaijua kazi. Ya tano ni heshima na upendo walio nao kwako. Karani wa ghala hana zile tatu za mwanzo. Hawezi kumpandisha mtu mshahara wala kumwandikia onyo. Akifuatwa, anafuatwa kwa mbili za mwisho tu, na hizo ndizo ambazo mwajiri hawezi kumpa mtu kwa barua ya uteuzi. Ndiyo maana barua ya maombi inapaswa kuonyesha mambo mawili: kwamba wale watu hawakulazimika kukufuata, na kile kilichowafanya wakubali.

Nichukue mfano wa ghala la sabuni na mafuta ya kula, mfano niliouunganisha kutokana na mambo ya maghala zaidi ya moja. Zamu ni tatu. Ya asubuhi inaanza saa kumi na mbili na kuishia saa nane mchana, ya jioni inaanzia hapo hadi saa nne usiku, na ya usiku inamalizia. Shida iko kwenye saa nane mchana. Gari linalobeba katoni 1,200 linakuwa limepakiwa nusu, zamu ya asubuhi inavua ovaroli na kuondoka, na zamu inayoingia haijui katoni ngapi zimeshaingia. Karani mpya hataki kusaini hesabu asiyoiona. Basi anaagiza mzigo uhesabiwe upya, na ili uhesabiwe inabidi sehemu yake ishushwe. Saa nzima inapotea, wapakiaji wanakasirika, na dereva anayepaswa kufika Morogoro kabla ya giza anaanza kupiga simu.

Karani mmoja aligundua kwamba mzigo hauhitaji kuhesabiwa katoni kwa katoni. Sabuni ile hupangwa garini kwa mistari, kila mstari ukiwa na katoni 10 kwa upana na 6 kwenda juu, yaani 60. Zamu ikiisha, mtu akisema mistari 12 imekamilika na wa 13 una katoni 20, jibu ni 740, na karani anayeingia anaweza kulithibitisha kwa kusimama nyuma ya gari na kutazama mstari wa mwisho tu. Alichohitaji ni karatasi moja mlangoni yenye namba ya gari, namba ya hati ya mzigo, mistari iliyokamilika na katoni za mstari usiokamilika.

Hadi hapo hakuna uongozi, kuna wazo zuri tu. Uongozi ulianza alipohitaji watu. Aliwaita makarani wawili wa zamu nyingine na mpakiaji mmoja mkongwe, wakakaa nje ya kantini kwa muda wa chai. Makarani walikubali. Mzee akakataa.

"Shikamoo mzee," karani alimwendea tena kesho yake, akiwa peke yake.

"Marahaba mwanangu. Ile karatasi yako mimi sisaini."

"Kwa nini mzee?"

"Nikisaini, katoni zikipotea njiani nitakatwa mimi. Nimeshayaona hayo."

Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata fedha za hasara hivi hivi tu. Ni lazima mfanyakazi akubali kwa maandishi, aelezwe kwa maandishi sababu na hesabu ya deni, apewe nafasi ya kulipinga, na makato hayo yasizidi robo ya ujira wake. Lakini kuli aliyezoea kuona mambo yakifanyika vingine hatulizwi na kifungu cha sheria. Karani yule hakubishana naye. Alimwambia, "Basi mzee, wewe nitajie tu mstari ulipoishia. Kuandika nitaandika mimi, na sahihi itakuwa yangu." Sehemu ya sahihi ya wapakiaji ikafutwa kwenye karatasi. Mzee akawa wa kwanza kutaja mistari, na vijana wakafuata.

Sasa tuone mtu huyu anavyoandika barua. Rasimu za kwanza ninazozipokea huwa hivi: "Nina kipaji cha uongozi na kwa miaka mitatu nimekuwa nikiwaongoza wenzangu na kuboresha ufanisi wa upakiaji." Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini haimsaidii. Msaili atauliza: uliwaongoza kwa madaraka gani? Ufanisi uliboreka kutoka wapi hadi wapi? Na kama msimamizi wake wa sasa yumo kwenye jopo, jambo ambalo ni la kawaida katika usaili wa ndani ya kampuni, neno "nikiwaongoza" litamfanya ainue macho.

Kiswahili chetu kina vitenzi vinavyoweza kumwokoa mwombaji au kumponza, na hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo barua nyingi zinapoharibikia. Tazama kitenzi kupanga. Ukiandika "niliwapangia kazi wenzangu", umejivika cheo. Mwenye kumpangia mtu ni bosi wake, na msomaji atajua hukuwa bosi. Ukiandika "tulipangana", umesema ukweli, lakini umejificha ndani ya wengi. Hakuna anayejua nani alianza. Adabu yetu inatusukuma kwenye hilo "tu", kwa sababu mtu anayesema "mimi, mimi" mbele za watu huonekana anajikweza. Dada niliyemtaja mwanzoni aliponzwa na adabu hiyo.

Ukiandika "niliwaita, tukapangana", mambo mawili yameonekana kwa pamoja. "Niliwaita" inaonyesha aliyeanza. "Tukapangana" inaonyesha kwamba wale walioitwa walikuwa na hiari, wakatoa maoni yao, wakakubali. Zaidi ya hapo, ile "ka" inaonyesha kwamba la pili lilitokana na la kwanza. Vitenzi vya namna hii vipo vingi: niliwaomba wakakubali, nilipendekeza wakarekebisha, niliwakumbusha wakaleta, nilimsikiliza tukabadilisha. Weka "ni" pale ulipoanza wewe na "tu" au "wa" pale wenzako walipoingia, na hutakuwa umejikweza wala kujificha.

Kwa lugha hiyo, aya ya karani wetu inaweza kusomeka hivi:

"Mwezi Machi mwaka jana niliona kwamba magari yanayovuka zamu ya saa nane mchana yanahesabiwa upya. Sikuwa na madaraka juu ya wapakiaji wala makarani wa zamu nyingine. Niliwaomba makarani wawili na mpakiaji mkongwe tukae pamoja, tukakubaliana kuacha mlangoni karatasi inayoonyesha mstari ulipoishia. Mpakiaji alikataa kusaini kwa kuhofia makato. Nilimsikiliza, tukaondoa sahihi za wapakiaji, ikabaki ya karani. Msimamizi wa zamu nilimwonyesha karatasi kabla hatujaanza, akairuhusu. Mwezi Machi, kwa mujibu wa daftari la zamu, magari 17 kati ya 26 yaliyovuka zamu yalihesabiwa upya. Mwezi Aprili yalikuwa 5 kati ya 24. Matatu kati ya hayo matano yalitokea siku nilizokuwa mapumziko, hivyo nilimwelekeza karani mwenzangu namna ya kuisimamia nisipokuwepo."

Aya moja, na barua nzima haihitaji ya pili ya aina hiyo. Sentensi ya pili, ile inayosema hakuwa na madaraka, waombaji wengi huikwepa kwa kudhani inawapunguza. Kumbe ndiyo inayoipa uzito aya yote, kwa sababu ikiondolewa msomaji atadhani kuwaita watu lilikuwa sehemu ya kazi yake. Mzee aliyekataa naye wengi wangemwacha nje, wakitaka habari iwe laini. Kwangu mimi huyo mzee ndiye sababu ya kumwita mwombaji kwenye usaili. Kila mtu anaweza kuongoza watu waliokwisha kukubali. Nataka kujua ulifanya nini na aliyesema hapana, kwa kuwa nikikupa cheo nitakupa na kalamu ya kuandika onyo, na ningependa kufahamu kama utaishika kalamu hiyo kabla ya kuuliza, "Kwa nini mzee?"

Takwimu zimetoka kwenye daftari la zamu, na hilo nalo limesemwa. Namba isiyo na chanzo humponza mwombaji. Nimewahi kusoma barua iliyodai mwandishi ameongeza ufanisi kwa asilimia arobaini, na tulipomuuliza asilimia arobaini ya nini, hakuwa na jibu. Kama kazini kwenu hakuna daftari, hesabu mwenyewe kwa wiki mbili kabla na wiki mbili baada. Ukishindwa hata hilo, eleza kilichobadilika kwa macho: zamani wapakiaji walishusha mzigo, sasa karani anatazama mstari wa mwisho. Maelezo hayo yanaaminika kuliko asilimia ya kubuni. Na usidai fedha ambazo huwezi kuzionyesha. Karani wetu hajui kampuni iliokoa shilingi ngapi, na hakuandika.

Yale magari matatu ya siku za mapumziko yanaweza kuonekana kama doa. Mimi nayaona kinyume. Swali ninalolipenda kuliko yote kwenye usaili wa usimamizi ni hili: ulipokuwa likizo, mambo yalikwendaje? Mtu ambaye kila kitu kilisimama alipoondoka alikuwa akifanya kazi za wenzake, hakuwa akiwaongoza. Aliyemfundisha mwingine amekwisha kuanza kufikiri kama msimamizi.

Kuna sehemu moja ya aya ile ambayo imemwokoa karani asiingie matatani, nayo ni ile ya kumwonyesha msimamizi karatasi kabla ya kuanza. Kuratibu wenzako bila cheo kuna mpaka wake. Unaweza kupendekeza utaratibu wa kukabidhiana kazi. Huwezi kubadilisha zamu za watu kimya kimya, hata kama wote wameridhia, kwa sababu saa za kazi zina sheria. Kwa Tanzania, saa za kawaida ni 45 kwa wiki na zisizozidi 9 kwa siku, na saa za ziada haziwezi kuzidi 50 katika kila wiki nne. Ukimpangia rafiki yako zamu mbili mfululizo ili amsaidie mwenzake aliyefiwa, umefanya wema, lakini umemwachia msimamizi deni la saa za ziada asilolijua, na mtu aliyechoka yuko juu ya foklifti. Tukio kama hilo likiandikwa kwenye barua kama ushahidi wa uongozi, msaili makini ataliona kuwa ni ushahidi wa kuvuka mipaka. Likiandikwa kwamba ulikusanya majina ya waliokuwa tayari, ukampelekea msimamizi akaidhinisha, linabadilika kabisa.

Kwa sababu hiyo hiyo, usimwandike vibaya msimamizi wako. "Kwa kuwa msimamizi hakuwa akijali, ilinibidi nichukue hatua" ni sentensi ninayokutana nayo mara kwa mara, na kila mara humfanya mwombaji adogoke. Huenda ni kweli hakujali. Eleza tatizo na ulichofanya, mwache yeye nje ya habari.

Na kuna neno kukaimu. Katika utumishi wa umma na kampuni nyingi, kukaimu ni jambo rasmi. Mtu hupewa barua yenye tarehe ya kuanza. Kama ulishika nafasi ya msimamizi alipokuwa likizo kwa maneno ya mdomo tu, usiandike "Kaimu Msimamizi" kwenye wasifu wako. Andika kwamba uliombwa kuangalia zamu kwa siku kadhaa, na taja uliyofanya. Jina la kazi lisilokuwepo kwenye jalada lako huonekana upesi, maana wasaili huliuliza kwa mwajiri kabla ya jambo lingine lolote, na likionekana la uongo hata yale ya kweli yanaanza kutiliwa shaka.

Wadhamini nao wanahusika. Waombaji wengi hutaja meneja wa juu kwa kuwa ana jina kubwa, na meneja huyo hajui habari ya karatasi ya mlangoni. Akipigiwa simu husema, "Ni kijana mzuri, hana matatizo," na mazungumzo yanaishia hapo. Kati ya wadhamini watatu, mmoja awe mtu aliyeliona jambo lenyewe likifanyika, hata kama cheo chake ni kidogo. Msimamizi wa zamu anafaa, na karani mwenzako wa zamu ya jioni anafaa pia pale tangazo linaporuhusu. Mjulishe mapema ni tukio gani umelitaja, ili akiulizwa awe analikumbuka. Na hifadhi alama ya kazi yenyewe: nakala ya ile karatasi, picha yake ikiwa imening'inia mlangoni, au ule ujumbe wa kundi la Wasapu uliokuwa ukiwakumbusha watu. Usiiambatanishe kama hukuombwa. Iwe nayo mkobani siku ya usaili. Lakini tazama kwanza kama ina majina ya wateja au bei. Nyaraka hizo ni za mwajiri, na kuzibeba kwenda nazo kampuni nyingine ni kosa litakalokufunga mlango.

Wapo wanaoniuliza kuhusu uongozi wa nje ya kazi: uweka hazina wa kikoba, kamati ya harusi, timu ya mpira mtaani. Yote yana nafasi yake, hasa kwa kijana ambaye hajakaa kazini. Aliyeshika fedha za watu thelathini kwa mwaka mzima na kuzigawa bila ugomvi ana jambo la kusema. Ila kama una tukio la kazini, litangulize hilo, kwa sababu mwajiri anataka kukuona ukiwa na watu wa aina ile ile utakaowasimamia, mahali pale pale pa jasho na haraka.

Na uwe tayari kwa swali moja ambalo uongozi wa bila cheo haulijibu. Wale wenzako waliokufuata kwa sababu ya urafiki, siku mmoja wao atakapochelewa mara ya tatu, utamwandikia onyo? Usijibu haraka kwamba hutamwonea mtu haya. Jopo limesikia jibu hilo mara nyingi. Kama umewahi kumwambia rafiki yako ukweli mgumu kazini, simulia hilo, na useme aliupokea vipi. Kama hujawahi, kiri, kisha eleza ungeanzia wapi.

Dada yule wa mwanzo aliomba tena nafasi ilipotangazwa upya mwaka uliofuata. Safari hii barua yake ilikuwa na aya moja kuhusu gari lililokwama, ikitaja nani aliitwa, nani alisita na hesabu ilivyopatikana. Alipita.

Ukimaliza kuandika aya yako, kabla hujaituma, mpe aisome mmoja wa wale uliowataja ndani yake, yule mzee ikiwezekana, au msomee. Akisema, "Ndivyo ilivyokuwa," tuma. Akisita mahali, muulize ni wapi, urekebishe hapo.